Kwa Nini Tunapunguza Moja: Somo la Minazi Minne

Nyuma ya nyumba moja ya pwani imesimama minazi minne. Tuseme mkwezi amekuja kuangusha, na mnazi wa kwanza umetoa nazi 8, wa pili 10, wa tatu 12 na wa nne 18. Jumla ni nazi 48, kwa hiyo wastani ni nazi 12 kwa kila mti. Wastani huo unamwambia mwenye minazi atarajie kiasi gani, lakini haumwambii kama miti yake inazaa sawasawa au inapishana sana. Minazi minne ambayo kila mmoja umetoa nazi 12 ingekuwa na wastani huohuo.

Kupishana huko kuna kipimo chake, nacho huitwa variansi. Kwanza tunaangalia kila mti uko umbali gani kutoka kwenye wastani wa 12. Mti wa kwanza uko chini kwa 4, wa pili chini kwa 2, wa tatu uko palepale kwenye 12, na wa nne uko juu kwa 6. Tukijumlisha umbali huo kama ulivyo, walio chini na walio juu watafutana na jibu litakuwa sifuri. Kwa hiyo tunauzidisha kila umbali kwa wenyewe ili alama ya kutoa ipotee. Tunapata 16, 4, 0 na 36. Jumla yake ni 56, na tukigawa kwa minazi minne variansi ni 14.

Hapa tumegawa kwa 4 kwa sababu miti ni minne na tumeihesabu yote. Hakuna kilichopunguzwa. Shida huanza pale ambapo hatuwezi kuhesabu yote, tukachukua sampuli. Hapo vitabu vya takwimu hutuamuru tugawe kwa idadi ya sampuli ukitoa moja, yaani n − 1. Wengi tuliokaa darasani tuliipokea amri hiyo, tukaikariri na kuiandika kwenye mtihani bila kuambiwa hiyo moja imekwenda wapi. Nimeichagua minazi hii minne kwa sababu ni michache kiasi kwamba tunaweza kuandika sampuli zote zinazowezekana, moja baada ya nyingine, na kuiona hiyo moja kwa macho.

Vikaratasi vinne ndani ya kifuu

Chukua vikaratasi vinne, uviandike 8, 10, 12 na 18, uvikunje na kuvitia ndani ya kifuu. Chomoa kimoja bila kuangalia, andika namba yake, kirudishe, tikisa kifuu, kisha uchomoe tena. Namba mbili ulizopata ndizo sampuli yako. Tunakirudisha kikaratasi cha kwanza ili uchomoaji wa pili usiathiriwe na wa kwanza. Katika shamba la maelfu ya minazi jambo hilo halina uzito, kwa maana kuondoa mti mmoja hakubadilishi kitu cha kuonekana. Kwenye minazi minne lina uzito mkubwa, nasi tutalirudia mwishoni.

Uchomoaji wa kwanza una njia nne na wa pili una njia nne, kwa hiyo jumla ni sampuli 16 zenye nafasi sawa ya kutokea. Sampuli ya 8 kisha 10 na ile ya 10 kisha 8 zina hesabu moja, basi nimeziweka pamoja kwenye jedwali na kuandika kwamba hutokea mara mbili. Kwa kila sampuli nimetafuta wastani wake yenyewe, kisha nikajumlisha miraba ya umbali kutoka kwenye wastani huo. Safu ya mwisho inatumia wastani wa kweli wa minazi yote, yaani 12.

| Sampuli | Mara | Wastani wake | Miraba kutoka wastani wake | Miraba kutoka 12 |
|---|---|---|---|---|
| 8, 8 | 1 | 8 | 0 | 32 |
| 10, 10 | 1 | 10 | 0 | 8 |
| 12, 12 | 1 | 12 | 0 | 0 |
| 18, 18 | 1 | 18 | 0 | 72 |
| 8, 10 | 2 | 9 | 2 | 20 |
| 8, 12 | 2 | 10 | 8 | 16 |
| 8, 18 | 2 | 13 | 50 | 52 |
| 10, 12 | 2 | 11 | 2 | 4 |
| 10, 18 | 2 | 14 | 32 | 40 |
| 12, 18 | 2 | 15 | 18 | 36 |

Tusome safu ya nne kwanza, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mtu mwenye sampuli anaweza kuihesabu. Yeye hajui kwamba wastani wa kweli ni 12. Anachojua ni namba zake mbili tu. Ukijumlisha safu hiyo kwa kuzingatia zinazotokea mara mbili, unapata 224. Gawa kwa sampuli 16, unapata 14.

Sasa tujaribu vigawanyo viwili. Mtu akigawa jumla yake ya miraba kwa n, yaani kwa 2, majibu ya sampuli zote 16 yatakuwa na wastani wa 7. Variansi ya kweli ni 14, kwa hiyo njia hii kwa wastani inatoa nusu tu ya ukweli. Akigawa kwa n − 1, yaani kwa 1, majibu yale 16 yatakuwa na wastani wa 14 kamili. Si karibu na 14, ni 14 yenyewe.

Hiyo ndiyo maana ya wanatakwimu wanaposema kwamba kipimo hakiegemei upande. Ukikitumia kwenye sampuli zote zinazowezekana na kuchukua wastani wa majibu, unarudi kwenye thamani ya kweli. Kugawa kwa n kunaegemea chini. Kugawa kwa n − 1 hakuegemei.

Wastani unaojipendelea

Kwa nini basi kugawa kwa n kunatoa jibu dogo? Chukua sampuli ya 8 na 18. Wastani wake ni 13, na miraba ya umbali kutoka 13 ni 25 na 25, jumla 50. Ukipima kutoka 12, wastani wa kweli, unapata 16 na 36, jumla 52. Ukipima kutoka 11 unapata 58, na kutoka 10 unapata 68. Hakuna namba yoyote duniani itakayokupa jumla ndogo kuliko 50, kwa sababu wastani wa namba zozote ndio mahali ambapo jumla ya miraba yake hufika chini kabisa.

Hapo ndipo ulipo mtego. Wastani wa sampuli umetengenezwa na namba zilezile zinazopimwa, kwa hiyo umesogea kwenda zilipo. Sampuli ikiangukia kwenye miti dhaifu, 8 na 10, wastani wake nao unashuka hadi 9, na miti hiyo inaonekana kana kwamba haipishani na chochote. Miraba yake ni 2 tu, wakati kutoka kwenye wastani wa kweli ni 20. Linganisha safu mbili za mwisho za jedwali. Hakuna mstari hata mmoja ambao safu ya nne imeizidi ya tano. Zimelingana mara moja tu, kwenye 12 na 12, pale wastani wa sampuli ulipoangukia juu ya ule wa kweli.

Kwa hiyo sampuli karibu daima huuona mtawanyiko mdogo kuliko ule ambao ingeuona kama ingejua kituo cha kweli. Swali linalobaki ni la kiasi. Mtu anaweza kukubali kwamba kigawanyo kipunguzwe kidogo, lakini akauliza kwa nini ipunguzwe moja na si nusu, au mbili.

Hasara ni variansi moja kamili

Jumlisha safu ya tano kama tulivyofanya kwa ya nne. Unapata 448, na ukigawa kwa 16 ni 28. Namba hiyo ni variansi mbili, 14 na 14, na ndivyo tulivyotarajia, kwa sababu kila mti ulioingia kwenye sampuli unaleta kwa wastani variansi moja. Safu ya nne ilitupa 14. Tofauti ya 28 na 14 ni 14, yaani kwa kutumia wastani wa sampuli badala ya wastani wa kweli tumepoteza variansi moja kamili kati ya mbili. Iliyobaki ni moja, na ndiyo maana kigawanyo sahihi ni 1.

Je, hii ni bahati ya namba hizi nne? Hapana, na sababu yake inafuatika. Rudi kwenye jedwali uangalie mstari wa 8 na 10. Tofauti kati ya 20 na 2 ni 18. Wastani wa sampuli hiyo ni 9, uko umbali wa 3 kutoka 12. Mraba wa 3 ni 9, na 9 mara mbili ni 18. Jaribu mstari wa 10 na 18: tofauti ni 8, wastani wake ni 14, uko umbali wa 2 kutoka 12, mraba wake ni 4, na 4 mara mbili ni 8. Kila mstari unatii kanuni hiyo. Hasara ya sampuli ni n ikizidishwa kwa mraba wa umbali uliopo kati ya wastani wake na wastani wa kweli.

Basi kinachotakiwa ni kujua wastani wa sampuli, kwa kawaida, unatangatanga kiasi gani kutoka 12. Fikiria umbali wa mti wa kwanza na wa pili uliochomolewa. Ukiujumlisha na kuuzidisha kwa wenyewe, unapata mraba wa kwanza, mraba wa pili, na mazidisho ya umbali wa kwanza kwa wa pili, mara mbili. Mazidisho hayo hufutana. Tuseme wa kwanza ni mti wa 8, wenye umbali wa kutoa 4. Wa pili unaweza kuwa na umbali wa kutoa 4, kutoa 2, sifuri au kujumlisha 6, na hizo nne zikijumlishwa ni sifuri. Chochote ukizidishe na sifuri, kinabaki sifuri. Kwa hiyo mraba wa jumla ya umbali, kwa wastani, ni 14 na 14, yaani 28.

Wastani wa sampuli ni nusu ya jumla, na nusu ikizidishwa kwa nusu ni robo. Robo ya 28 ni 7. Zidisha kwa n, ambayo ni 2, unapata 14. Sampuli ikiwa ya miti mitatu, mraba wa jumla utakuwa na wastani wa 42. Wastani wa sampuli ni theluthi ya jumla, kwa hiyo tunagawa kwa 9. Kisha tunazidisha kwa 3. Jibu ni 14 tena. Ikiwa ya miti mia, tunapata variansi mia, tunagawa kwa elfu kumi, tunazidisha kwa mia. Inabaki variansi moja.

Hasara haiongezeki na ukubwa wa sampuli wala haipungui. Ni variansi moja daima. Kutoka kwenye variansi n zilizostahili kuonekana, zinaonekana n − 1, na kanuni yote ni hii:

s² = Σ(x − x̄)² / (n − 1)

Kinachobadilika ni uzito wa hiyo moja. Katika sampuli ya miti miwili, kugawa kwa n kunakupotezea nusu ya variansi. Katika sampuli ya 10 kunakupotezea sehemu moja ya kumi, na katika sampuli ya 100 asilimia moja tu. Ndiyo maana anayepima vitu vichache ndiye anayeumia zaidi akikosea kigawanyo.

Kuna njia nyingine ya kuiona moja hiyo. Umbali kutoka kwenye wastani wa sampuli lazima ujumlike kuwa sifuri. Ukiambiwa kwamba katika sampuli ya miti miwili mmoja uko chini ya wastani wake kwa 5, huna haja ya kuuliza kuhusu wa pili: uko juu kwa 5. Namba ni mbili, lakini habari kuhusu kupishana ni moja. Na ukiwa na mti mmoja tu, wastani wake ni wenyewe, umbali ni sifuri, na kanuni inakuambia ugawe sifuri kwa sifuri, jambo lisilowezekana. Hilo ni jibu la haki. Mti mmoja hauwezi kukuambia lolote kuhusu miti kupishana.

Marekebisho haya yamepewa jina la Friedrich Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, ingawa Carl Friedrich Gauss alikwisha kuyaeleza katika maandishi yake ya 1823. Haishangazi kwamba yalitoka kwa watu waliopima nyota. Mtu akipima mahali pa nyota mara kadhaa, hana kituo cha kweli cha kulinganishia. Inambidi akikadirie kutoka kwenye vipimo vilevile ambavyo baadaye anataka kujua vinakosea kiasi gani.

Mipaka ya kanuni

Kutoegemea upande si kuwa sahihi kila mara. Majibu ya kugawa kwa 1 katika jedwali letu ni 0, 2, 8, 18, 32 na 50. Hakuna sampuli hata moja iliyotoa 14. Ukichukua sampuli moja tu ya miti miwili, kugawa kwa 2 kunaweza hata kukuweka karibu zaidi na ukweli, kwa sababu kunazuia yale majibu makubwa. Lakini makosa yake yanaelemea chini, na ukikusanya sampuli nyingi ndogo kutoka mashamba mbalimbali na kuchukua wastani wa variansi zake, kosa hilo halitafutika hata ukikusanya elfu. Kosa la n − 1 hufutika.

Mpaka wa pili ni kwamba ahadi hii ni ya variansi, si ya kipeuo chake. Watu wengi hupenda mkengeuko sanifu, ambao ni kipeuo cha pili cha variansi, kwa kuwa unarudi kwenye kipimo cha nazi. Kipeuo cha 14 ni karibu 3.74. Ukichukua vipeuo vya majibu yote 16 na kutafuta wastani wake, unapata karibu 2.83. Kutafuta kipeuo hupunguza namba kubwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo uegemeo unarudi kupitia mlango huo.

Wa tatu ni ule wa kurudisha kikaratasi. Usipokirudisha, zinabaki jozi sita za miti tofauti, na wastani wa majibu ya n − 1 unakuwa 112 kugawa kwa 6, yaani karibu 18.67. Hiyo si 14; ni 56 kugawa kwa 3. Kwenye kundi dogo linalochomolewa bila kurudisha, jibu lazima lizidishwe kwa robo tatu ili lirudi 14. Kwenye shamba la minazi 1,000 rekebisho hilo ni 999 kwa 1,000, na hakuna atakayeliona.

Mwisho, usiamini kigawanyo cha mashine kabla hujakipima. Katika Excel, `VAR.S` hugawa kwa n − 1 na `VAR.P` hugawa kwa n. Katika Python, maktaba ya `numpy` hugawa kwa n usipoiambia vinginevyo:

```python
import numpy as np
np.var([8, 18])          # 25.0
np.var([8, 18], ddof=1)  # 50.0
```

Namba hizi mbili ni kipimo tosha cha chombo chochote, hata kikokotoo cha mkononi. Ingiza 8 na 18 uombe variansi. Ukiona 50, kimegawa kwa n − 1. Ukiona 25, kimegawa kwa n. Kikikupa mkengeuko sanifu tu, uzidishe kwa wenyewe kwanza.

Na wewe mwenyewe, kabla hujagawa, jiulize swali moja: wastani niliopimia umetoka wapi? Kama umehesabu kundi zima, au kama wastani wa kweli ulikuwa unajulikana kabla ya kuchukua sampuli, gawa kwa idadi yote. Kama wastani umeutoa kwenye sampuli ileile unayoipima, punguza moja, kwa sababu variansi moja tayari imemezwa na wastani huo.